Mjinga Hii: Tusi Linapojenga Udugu na Linapoubomoa

Mwalimu wa sarufi akisikia mtu akisema "mjinga hii" atasahihisha papo hapo. Mjinga ni mtu, mtu yumo katika ngeli ya A-WA, kwa hivyo sema "mjinga huyu". Lakini wapakiaji wa magunia mjini Emali wanaosema hivyo kutwa nzima hawajakosea. Nimewasikia wakimtaja mteja na kusema "mzee huyu", kisha wakamgeukia mwenzao na kumwita "mjinga hii" au "ng'ombe hii" katika pumzi ile ile. Ngeli ya A-WA wanaijua. Wanachofanya ni kumtoa mwenzao humo kwa makusudi na kumtia katika I-ZI, pamoja na meza, chupa na nguo. Kuna watakaosema huo ni ulegevu tu wa Kiswahili cha bara. Ulegevu upo, siukani, ila ungekuwa ulegevu mtupu ungempata mteja pia.

Jambo la kushangaza ni nani anayetolewa katika ngeli ya watu. Si adui. Ni yule aliye upande wa pili wa gunia.

Emali, kwa msomaji asiyepita huko, ni mji wa kaunti ya Makueni ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, mahali inapochipuka barabara ya kwenda Loitokitok. Mpaka wa Kajiado uko karibu. Mkamba, Mmaasai, dereva wa lori kutoka pwani na mfanyabiashara kutoka Nairobi wanakutana hapo kila siku, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Mwaka jana nilikaa siku kadhaa katika stoo moja ya nafaka, ambayo sitaitaja jina, nikisikiliza jinsi watu wa kazi moja wanavyotukanana. Palikuwa na wapakiaji sita, nyapara mmoja, na karani msichana aliyekaa na daftari lake karibu na mzani.

Gunia la ndengu lina kilo 90. Wawili wanalinyanyua, wa tatu anainama na kulipokea mgongoni, kisha anapanda ubao mwembamba hadi ndani ya lori. Wanaonyanyua wakiachia mapema kidogo, shingo ya anayepokea iko hatarini. Kazi ya namna hiyo inataka amri na malalamiko mengi: inua, ngoja, umechelewa, umeniachia vibaya. Katika isimujamii tunajua kwamba amri, lawama na kukataa ni matendo yanayoumiza heshima ya anayeambiwa. Mtu mwenye adabu huyafunika: "samahani ndugu yangu, naomba ushike vizuri". Pale stoo hakuna anayesema hivyo. Nilisikia hivi:

"Shika hiyo kitu vizuri, mjinga hii!"

"Nimekataa. Mgongo ni wako ama ni wangu, ng'ombe hii?"

Wote wawili walicheka, gunia likapanda.

Hali hii haiko Emali peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Victoria mjini Wellington, New Zealand, akiwemo Janet Holmes, waliwarekodi wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha sabuni, na mwaka 2004 wakachapisha uchunguzi wao katika jarida la pragmatiki. Kundi walilolichunguza, lenye wafanyakazi wengi wenye asili ya visiwa vya Polinesia, lilikuwa miongoni mwa makundi bora ya kiwanda hicho, na ndilo lililotukana bila kupumzika. Jambo walilolionyesha ni kwamba matusi hayakutapakaa ovyo katika mazungumzo. Yalijikusanya hasa mahali pa kulalamika na kukataa, yaani pale pale ambapo urafiki ungeweza kuvunjika. Tena yalikuwa ya ndani: lugha hiyo haikutumiwa hivyo kwa watu wasio wa kundi.

Kwa nini tusi liandamane na lawama na lisiizidishe? Jibu langu ni kwamba adabu ina gharama yake. Ukiniambia "samahani ndugu yangu", umenikumbusha kwamba kati yetu kuna umbali unaohitaji daraja. Ukiniita ng'ombe, na mimi nisikasirike, sote wawili tumepata ushahidi kwamba umbali huo haupo. Umejiweka mikononi mwangu, kwa maana ningeweza kukupiga, kukushtaki kwa nyapara au kukununia wiki nzima, nami sikufanya hivyo. Nikikujibu kwa tusi, nami nimejiweka mikononi mwako. Hili likirudiwa mara 50 kwa siku, kila mmoja amempima mwenzake mara 50 na kumkuta hapungui. Imani ya namna hiyo haipatikani kwa kusalimiana, kwa kuwa salamu haimgharimu mtu chochote.

Wazee wetu waliliona jambo hili kabla ya vyuo vikuu. Utani wa Tanzania, kwa mfano ule wa makabila yaliyokutana katika misafara ya biashara ya karne ya 19, uliruhusu mtani kumtukana mtani wake hata msibani, na aliyetukanwa hakuruhusiwa kukasirika. Lakini tusisahau nusu ya pili: mtani huyo huyo ndiye aliyefanya kazi za mazishi. Haki ya kutukana ilifungwa pamoja na wajibu. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, katika makala yake maarufu ya mwaka 1940, aliuweka utani kando ya desturi inayoonekana kuwa kinyume chake, ile ya kuepukana kwa heshima, kama ya mtu na mama mkwe wake. Wakamba wanaijua vizuri, na neno lao la haya hiyo ni nthoni. Kwake yeye, kutaniana na kuepukana ni njia mbili za kuwaweka pamoja kwa amani watu wanaoweza kugombana.

Nilipowauliza wapakiaji wale ni nani hasa wanayeweza kumtukana, mmoja alinijibu bila kufikiri: "Yule ananitoleanga pesa nikigonjeka." Nililiandika jibu hilo vile vile lilivyo, kwa sababu ni bora kuliko fasili nyingi nilizowahi kusomesha.

Sasa, ikiwa tusi ni kipimo cha imani, linaweza kusema lolote? La hasha. Mwanaisimu wa Marekani William Labov alichunguza mashindano ya matusi ya vijana weusi wa Harlem, na katika kitabu chake cha mwaka 1972 akatofautisha tusi la mchezo na tusi la mtu binafsi. Tusi la mchezo ni lile ambalo wote waliopo wanajua kwamba si kweli. Likigusa ukweli, mchezo umekwisha, na utatambua kwa jibu: mtu haongezi tusi jingine, anaanza kukanusha. Wakenya hatuhitaji kwenda Harlem kulielewa hili, kwani tumekua na mchongoano. Mtoto akiambiwa kwao ni maskini hadi panya wanaleta chakula kutoka nje, hucheka na kutunga wake. Akiambiwa hivyo siku aliyofukuzwa shule kwa sababu ya karo, halii kwa kuwa tungo ni kali. Analia kwa kuwa ni habari.

Pale stoo neno "mwizi" lilikuwa tusi la kila saa. Aliyechukua chupa ya maji ya mwenzake alikuwa mwizi, aliyewahi kivulini alikuwa mwizi. Kisha siku ya tatu hesabu ya karani ikapungua gunia moja. Hakuna aliyetoa amri, lakini kuanzia saa ile neno hilo likatoweka vinywani mwa wote sita. Nyapara peke yake hakulihisi badiliko hilo. Alipita na kusema, kwa sauti ile ile ya mzaha ya jana yake, "Nyinyi wezi, leo mnakula nini?" Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema, "Boss, sisi hatujachukua." Alikanusha, sawasawa na alivyoeleza Labov.

Nyapara alikosea kwa sababu mbili, na ya pili ni nzito zaidi. Tusi la imani ni lazima liweze kurudi. Mpakiaji anayemwita mwenzake ng'ombe anajua ataitwa ng'ombe kabla ya gunia lijalo. Nyapara alitukana kutoka juu, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwita "mjinga hii". Kwa siku zote nilizokaa pale alidhani yumo katika mchezo kwa sababu watu walicheka. Walikuwa wakicheka, ndiyo, kwa sababu ndiye aliyeamua nani ataitwa kazini kesho. Msomaji aliye na wadogo zake kazini anaweza kujipima kwa urahisi: asihesabu vicheko, ahesabu matusi anayorudishiwa.

Kuna dalili nyingine ambayo sikuitarajia. Wapakiaji hawa walipokosana kweli, matusi yalikoma. Wawili waligombana kuhusu zamu ya kupokea, na ghafla Kiswahili chao kikawa sanifu: "Bwana, mimi nakuheshimu. Naomba na wewe uniheshimu." Katika Kiswahili cha Kenya "tuheshimiane" ni onyo, na "usinizoee" ni onyo kubwa zaidi. Angalia kitenzi chenyewe. Kuzoeana ni kauli ya kutendana, jambo la watu wawili. "Usinizoee" imeiondoa ile -an- ya kutendana: wewe umenizoea, mimi sijakuzoea. Msemaji hasemi kwamba neno lako ni baya. Anasema hukupewa haki ya kulitumia. Siku iliyofuata wale wawili waliitana tena ng'ombe, na wenzao wakapumua.

Hadi hapa nimezungumza juu ya watu wanaocheza mchezo mmoja kwa lugha moja. Emali ni njia panda, na lugha ya njia panda haina uzito sawa kwa kila mtu. Lori moja kutoka Mombasa lilikuja na tanboi, kijana wa Likoni ambaye Kiswahili ndiyo lugha aliyonyonya. Alishika gunia pamoja na wenyeji. Liliteleza, na mpakiaji mmoja, Mkamba, akatoa lile tusi la nguoni linalomtaja mama. Hakumwelekezea mtu. Alilitoa kama mwingine anavyosema "lo!" Tanboi aliachia gunia, akajifuta mikono, akauliza polepole: "Mama yangu ameingiaje hapa?"

Mpakiaji alishangaa kwa dhati. "Si ni kuongea tu?"

Kwake yeye ilikuwa kuongea tu. Jean-Marc Dewaele wa Chuo Kikuu cha London amewachunguza wasemaji wengi wa lugha zaidi ya moja, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2004 yanaonyesha kwamba maneno ya mwiko huwa na nguvu zaidi katika lugha ya kwanza ya mtu kuliko katika lugha alizojifunza baadaye. Lugha ya kwanza tumeipata pamoja na kofi la mama na jicho la bibi, na kila neno la mwiko limebeba hofu yake. Lugha ya pili tumeiokota darasani na barabarani, ambako maneno yake hayakuandamana na kofi la mtu yeyote. Ndiyo maana tusi lile ambalo pwani huweza kuleta visu, huku bara limekuwa kibwagizo cha kawaida.

Nilimwomba mpakiaji yule, kando, aniambie maneno hayo kwa Kikamba. Alicheka, kisha akatazama nyuma yake kuona kama kuna mzee karibu, kisha akakataa kabisa. Mtu aliyelisema tusi hilo kwa Kiswahili labda mara 20 tangu asubuhi hakuweza kulisema hata mara moja kwa lugha ya mamake. Nami sikumlazimisha. Mkamba anayejua kithitu, kile kiapo kinachoogopwa Ukambani hadi leo, anajua kwamba katika lugha yake kuna maneno yasiyotamkwa kwa majaribio.

Kwa hivyo watu wawili wanaweza kusema neno moja, kazi moja, siku moja, na mmoja akawa anatoa sarafu ya shilingi huku mwingine akipokea jiwe. Sikubaliani na wanaosema mpwani alikuwa mwepesi wa hasira, wala na wanaosema mpakiaji hana adabu. Imani inayojengwa kwa kutukanana inadhani kwamba kila upande unalipa bei sawa. Lugha zikitofautiana, bei si sawa, na anayelipa kidogo ndiye wa mwisho kulitambua hilo.

Nimemwacha karani hadi sasa kwa sababu yeye hakutukanwa kamwe. Alipokaribia, wapakiaji walinyamaza au wakabadilisha lugha. Walimwita "madam". Mtu wa haraka angesema hapo hakuna neno, wamemstahi. Lakini nilichunguza ni mambo gani yaliyozungumzwa ndani ya matusi yale. Ndani yake mlikuwa na habari: lori gani linakuja, dereva gani hulipa vibaya, gunia gani limelowa maji na litapunguza uzito likikauka. Kunyamaza kulimwondolea karani matusi na habari pamoja. Gunia lililopungua, alinieleza, lilikuwa limepasuka na ndengu zake kugawanywa katika magunia mengine mawili. Wote sita walijua. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu maneno yalikuwa yakisemwa pale asipokuwepo.

Wala suluhisho si kumwambia na yeye aingie mchezoni. Tazama matusi ya nguoni yametengenezwa kwa nini: karibu yote yanautaja mwili wa mwanamke, wa mama au wa dada. Mwanamume akimrushia mwanamume mwenzake, mwili unaotajwa haupo pale. Mwanamke akisimama katikati yao, upo. Hawezi kulijibu tusi kwa kulirudisha, maana silaha yenyewe imeelekezwa kwake kutoka pande zote mbili. Akicheka ataambiwa hana haya, na asipocheka ataambiwa anajidai. Karani aliniambia kwamba "ng'ombe hii" halimsumbui hata kidogo, na kwamba angependa siku moja aitwe hivyo. Yale mengine ndiyo humfanya achelewe kwenda mzanini hadi vicheko viishe, na kwa kuchelewa huko kuna magunia ambayo hakuyaona yakipimwa.

Sheria yetu imeligusa jambo hili kwa mikono miwili isiyolingana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44(4)(d), inamruhusu mwajiri kumfuta kazi mara moja mfanyakazi anayemtusi yeye au mtu aliyewekwa na mwajiri kuwa na mamlaka juu yake. Tusi linaloadhibiwa hapo ni linalopanda. Lile la nyapara linaloshuka halimo katika kifungu hicho. Kifungu cha 6, kinachohusu udhalilishaji wa kijinsia, kimeandikwa kwa jicho jingine: kinataja lugha ya kingono, iwe ya maandishi au ya mdomo, kinamhesabu hata mfanyakazi mwenza, na kinauliza kama lugha hiyo haikutakiwa au ilimuudhi aliyeipokea na kama imeathiri kazi yake. Hakiulizi kama msemaji alikuwa akitania. "Si ni kuongea tu" haiwi hoja mbele yake.

Ila kifungu hicho hicho kinamtaka mwajiri kutoa sera ya maandishi juu ya udhalilishaji huo iwapo ana wafanyakazi 20 au zaidi. Stoo ile ina watu wanane. Karani ndiye aliyelipata jambo la kufanya: alihamisha mzani kutoka mlangoni hadi chini ya ubao wa lori, mahali ambapo kila gunia lazima lipite mbele yake. Siku mbili za kwanza wapakiaji walifanya kazi kimya kama wako kanisani, na magunia yakapanda polepole kuliko kawaida. Siku ya tatu gunia liliteleza, na mmoja wao akapaza sauti, "Shika hiyo kitu, ng'ombe hii!" Akamtupia karani jicho. Karani aliendelea kuandika. Tusi lile jingine, la nguoni, sikulisikia tena karibu na mzani hadi nilipoondoka.